Jina la Mwisho Ukurasa wa Pili

Boti ya kampuni ya Ilemba ilipinduka siku ya Jumatano, saa tano kasorobo asubuhi, maili mbili kabla ya kufika kisiwani. Upepo ulikuja kutoka kusini bila mawingu, wakasema waliopona, na injini ikazima wakati boti imegeuza ubavu. Wavuvi waliokuwa wanatoa nyavu karibu ndio waliowahi. Ilipofika alasiri ofisi ya Ilemba, Kirumba jijini Mwanza, ilikuwa imejaa watu, na geti likafungwa.

Nice Muganyizi alikuwa ofisa mawasiliano wa kampuni hiyo. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko kazi yenyewe. Aliandika barua, alijibu barua pepe, alibandika ratiba na nauli mpya, na Desemba alitengeneza kadi za heri. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amekulia Bukoba, na alikuwa amekaa kwenye kiti kile kwa miaka minne.

Nyuma ya kompyuta yake, ukutani, kulikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: Majina. Viambatisho. Namba. Linki. Mpokeaji. Chini yake aliandika, Mpokeaji anajazwa mwisho. Wenzake waliizoea kama wanavyozoea saa ya ukutani. Waliojua kwa nini ipo hawakuizungumzia mbele yake.

Mwaka mmoja uliopita alikuwa ametuma ripoti ya daktari ya fundi wa injini aitwaye Masele. Ripoti ilisema Masele ana kifafa na hafai kufanya kazi majini. Ilitakiwa kwenda kwa mkurugenzi peke yake. Nice aliandika herufi mbili za kwanza, kompyuta ikamalizia anwani yenyewe, naye akabonyeza. Ikaenda kwa wafanyakazi wote, manahodha, wakata tiketi, hadi walinzi. Alipotambua, simu zilikuwa zimeshaanza kuita kwenye vyumba vya jirani. Masele hakugombana na mtu. Alikuja kesho yake, akachukua ovaroli yake na kikombe chake cha chai, akaondoka. Nice alikwenda kwake Igoma mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakumkuta, mara ya pili alimkuta, na Masele akamkaribisha, akampa soda, akasema ameshasamehe, lakini hakumtazama usoni hata mara moja. Wiki ile ndipo Nice alipoiandika karatasi.

Alhamisi asubuhi, saa mbili, Nice alifika akakuta watu wamelala nje ya geti. Wengine walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu ya dagaa waliyoazima soko la samaki la Mwaloni. Mlinzi alikuwa amewapangia mabenchi mawili. Meneja wa usafirishaji, Jovinary, alikuwa hajalala. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lile lile la jana lilikuwa na chumvi ya jasho kwapani. Alimwambia Nice kwamba orodha ya mwisho iko tayari, ameikamilisha alfajiri kutokana na majina ambayo Odeta, wakala wa kampuni kule kisiwani, alimsomea kwa simu na kumtumia picha ya daftari lake. Walikuwa watu kumi na saba. Kilichobaki ni Nice kuandika barua ya kusindikiza na kuituma ofisi ya mkoa na kwa polisi wa majini. Baada ya kutuma, mkurugenzi mwenyewe, Bwana Chenge, atatoka kuwasomea ndugu.

Jovinary akachapa nakala moja, akampa. Nice aliishika mkononi, bado ana mkoba begani, akatoka tena getini kumwambia mlinzi awagawie watu maji.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipomsogelea. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, na kwenye kola yake kulikuwa na pini mbili za mshonaji alizosahau kuzitoa. Alimsalimu kwa Kihaya, maana alikuwa amelisikia jina la Muganyizi kwa mlinzi akajua ni la kwao. Akasema anaitwa Adventina, anashona Igoma, na mume wake ni fundi wa sola, Pius Rubara. Jana alimpigia kutoka Mwaloni akasema anatafuta boti ya kwenda visiwani kufunga paneli za zahanati. Tangu hapo simu haipatikani. Hakulia. Aliuliza tu kama jina lake limo.

Kulikuwa na utaratibu ofisini. Hakuna anayeambiwa lolote mpaka orodha ihakikiwe na itumwe. Nice aliujua kuliko wote. Lakini alikuwa na karatasi mkononi, mwanamke yule alikuwa anazungumza lugha ya mama yake, na jicho lilishakimbia kwenye majina kabla hajalizuia. Alipitia waliopona. Alipitia waliofariki. Hakuona Rubara.

"Hayumo, dada," akasema. "Jina hilo halimo kabisa."

Adventina alifumba macho. Akasema basi alikosa boti, ndiyo kawaida yake, huchelewa kila mahali, hata siku ya ndoa alichelewa. Akaenda kukaa kwenye benchi, akatoa simu, akaanza kuwapigia ndugu. Nice alimsikia akisema kwamba hakupanda, Mungu mkubwa, hakupanda. Alirudi ndani moyo wake umepoa kidogo. Ilikuwa habari njema ya kwanza kuitoa tangu jana, na hakufikiri kwamba habari njema nayo inahitaji kuhakikiwa.

Barua ilikuwa fupi. Aliiandika kwa dakika kumi na tano. Jovinary alikuwa ameshamwandalia barua pepe kwenye kompyuta, na orodha imeambatishwa, pamoja na nakala ya orodha ya abiria, ile ambayo Precious, mkata tiketi, huijaza dirishani kila mtu anapokata tiketi: jina, umri, na namba ya simu ya ndugu. Kwenye maelezo aliweka linki ya folda yenye picha. Hata sehemu ya mpokeaji ilikuwa imejazwa.

Nice aliipitia sehemu hiyo, anwani moja baada ya nyingine. Jovinary hakuanza barua mpya. Alijibu barua ya zamani, ya mwezi wa saba, iliyotangaza nauli mpya, kwa sababu humo ndani kulikuwa na anwani ya ofisi ya mkoa na ya polisi wa majini. Lakini humo kulikuwa pia na anwani nyingine thelathini na nane: mawakala wa tiketi, vituo viwili vya redio, hoteli, na mtu mmoja aliyekuwa anawauzia matairi ya kufungia ubavuni mwa boti. Orodha ya marehemu ingefika redioni kabla haijafika getini.

Alizifuta zote. Akafungua barua mpya, akanakili maneno, akaacha sehemu ya mpokeaji tupu. Kisha akaanza kufuata karatasi yake ya ukutani tangu juu, kwenye majina.

Chenge akaingia. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa kawaida, na asubuhi ile alikuwa amevaa suti nyeusi iliyombana. Aliuliza kama imeshakwenda. Nice akasema anahakiki, apewe nusu saa. Chenge akasema ofisi ya mkoa imepiga simu mara tatu, na watu wako nje wanamwangalia kila anapopita dirishani. Hakufoka. Akasimama pale pale, mikono mfukoni.

Nice hulihakiki jina kwa kulisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, huku kidole kikiwa kwenye chanzo chake, si kwenye kumbukumbu. Alianza na marehemu. Walikuwa wanne. Wa tatu aliandikwa Pius Lubala, miaka arobaini, Kisesa, na namba ya simu ya mama yake, Dorcas. Alilinganisha na orodha ya abiria: Lubala, yumo, mstari wa sita. Sawa. Akalinganisha na picha ya daftari la Odeta. Pale Odeta alikuwa ameandika Pius Rubara.

Alisimama hapo. Kidole kilibaki juu ya kioo.

Odeta alikuwa Mjita. Aliandika kama alivyosikia, na alisikia kama watu wa kisiwani wanavyotamka, L na R zikibadilishana nafasi bila mtu kujali. Ndiyo maana Jovinary alipoona Rubara kwenye daftari na Lubala kwenye orodha ya abiria alisahihisha kwa kufuata ya abiria. Hata Nice angefanya hivyo. Lakini Rubara lilikuwa jina alilolisikia muda mfupi uliopita likisemwa getini, kwa Kihaya, na mwanamke ambaye asingekosea jina la mume wake.

Aliendelea kushuka kwenye daftari. Katika waliopona, mstari wa kumi na moja, Odeta aliandika tena: Pius Rubara, mguu umevunjika. Kwenye orodha ya Jovinary mstari huo haukuwepo.

"Kaka Jovinary," aliita, "huyu Pius wa mguu yuko wapi?"

Jovinary alikuja akainama. Akaeleza kwamba Odeta alirudia jina mara mbili kwa kuchanganyikiwa, mara kwa waliopona na mara kwa waliofariki, naye akaufuta mstari mmoja. Nice akamuuliza kwa nini aliufuta ule wa waliopona. Alifikiri kidogo. Akasema aliona kwamba maiti watu wameiona kwa macho, lakini majeruhi anaweza kuandikwa kwa kusikia tu. Alilisema hilo polepole, kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

Nice aliitazama karatasi ya ukutani. Akaruka viambatisho kwa muda, akaenda kwenye namba. Barua ilisema watu kumi na saba, abiria kumi na wanne na mabaharia watatu. Alihesabu orodha ya Jovinary kwa penseli, akitia alama kila jina. Waliopona kumi na wawili. Waliofariki wanne. Akahesabu tena kuanzia chini kwenda juu. Kumi na sita.

Chenge alikuwa amesogea, anahesabu naye kwa midomo.

Ndipo Nice akafungua kiambatisho cha pili, si kwa kuangalia jina la faili, bali kwa kukifungua na kukisoma kama angekisoma mpokeaji. Ilikuwa orodha ya abiria, ukurasa mmoja, mistari kumi na miwili, yote imejaa. Tiketi zilikuwa kumi na nne. Palikuwa na ukurasa mwingine.

Aliteremka hadi dirishani kwa Precious. Precious alikuwa amefunga dirisha, amekaa ndani gizani na kitabu chake mapajani kama mtu aliyeshika mtoto. Yeye ndiye aliyewauzia wote tiketi, na tangu jana hakuwa amekula. Alipoulizwa kuhusu ukurasa wa pili alifungua kitabu. Walikuwa wawili tu juu ya karatasi ile. Mmoja msichana wa chuo cha uuguzi, ambaye jina lake kwenye orodha ya Jovinary lilikuwa halina namba ya simu pembeni. Wa pili, kwa mwandiko wa haraka: Pius Rubara, 42, na namba ya mke.

"Alikuja boti inafunguliwa kamba," Precious akasema. "Ana boksi la waya. Nilimwambia asubiri ya kesho. Akasema wagonjwa wanakaa gizani."

Alisema jana jioni alimpa Jovinary kitabu akapige picha, na Jovinary akapiga ukurasa uliokuwa wazi.

Nice alipanda ngazi na kitabu. Sasa alijua kwamba Pius walikuwa wawili, mmoja hai na mmoja amekufa. Hakujua yupi ni yupi. Orodha iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa imemfanya marehemu mmoja wao kwa kukisia, na mama Dorcas alikuwa nje anasubiri kusomewa.

Chenge aliuliza kama hawawezi kutuma yale yenye uhakika kwanza, watu wapunguze wasiwasi.

"Bosi, hatuna yenye uhakika," Nice akasema. "Nikibonyeza sasa hivi, inawezekana tumemuua mtu aliye hai, na mama yake yuko pale chini."

Chenge alivuta kiti akakaa. Akasema basi wampigie Odeta.

Mtandao wa kisiwani ulikuwa mbaya. Odeta alipatikana mara ya nne, sauti imekauka kwa kulia na kwa uchovu. Nice alimsalimu, akampa pole, kisha akamwomba aende zahanati alipolazwa yule mwenye mguu, asimtajie jina, amwombe yeye mwenyewe alitaje, kisha amwombe namba ya simu ya nyumbani kwao. Jina pekee halikutosha tena. Jina lilikuwa limepita kwenye masikio mengi. Namba haina L wala R.

Walisubiri. Simu ilikuwa juu ya meza, imewekwa spika, na wote watatu walimsikia Odeta akitembea, mlango ukifunguliwa, mtoto analia mahali, kisha sauti ya mwanamume, dhaifu, mwenye lafudhi ya Kisukuma. Alisema anaitwa Pius, fundi mwashi, wa Kisesa. Namba ya mama aliijua kwa moyo. Alipoanza kuitaja, Nice aliweka penseli kwenye mstari wa sita wa orodha ya abiria akawa anafuata tarakimu moja moja. Zilikuwa kumi. Zote zilikubali.

Jovinary alitoka chumbani. Walimsikia kwenye korido akijibanza ukutani.

Chenge akasema kwa hiyo marehemu ni yule mwingine. Nice akatikisa kichwa kukataa. Hata hilo lilikuwa kukisia, kwa kuondoa mmoja na kubakiza mwingine, na kosa la alfajiri lilikuwa limefanyika namna hiyo hiyo. Akamwomba Odeta amuulize mganga wa zahanati kama marehemu alikutwa na chochote. Mganga alikuwa ameweka vitu vyao kwenye bahasha na kuzifunga, akisubiri polisi. Polisi mmoja alikuwa ameshafika na boti ya asubuhi. Bahasha ikafunguliwa mbele yake. Ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na bisibisi ndogo, palikuwa na kitambulisho cha taifa. Odeta alikipiga picha. Mganga na polisi walikwenda wakalinganisha uso, wakarudi, na polisi mwenyewe akachukua simu akathibitisha.

Picha ilifika saa tatu na dakika hamsini. Rubara. Herufi zilikuwa safi, hata maji hayakuzigusa.

Nice aliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama alivyosoma nyingine. Alipofika ya mwisho akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Kutoka pale alipokaa aliweza kumwona Adventina kupitia dirishani. Alikuwa amemega nusu ya andazi akampa mama mmoja mzee aliyekaa naye benchi moja, na mama huyo alikuwa Dorcas.

Kazi ilikuwa bado haijaisha, akaimaliza, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya na mikono yake. Alirekebisha majina. Waliopona kumi na watatu, waliofariki wanne, jumla kumi na saba, mara mbili, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Aliskani kurasa zote mbili, akaondoa kiambatisho cha zamani, akaweka kipya, akakifungua tena kutoka ndani ya barua yenyewe. Alimwita Precious juu, akajaribu linki kwa simu yake, ambayo haikuwa na akaunti ya ofisi, ili aone kile ambacho mtu wa nje angeona. Ilifunguka mara moja, bila kuuliza chochote. Picha ya kwanza ilikuwa ya marehemu wamelazwa kwenye sakafu ya darasa la shule ya kisiwani, nyuso wazi. Yeyote ambaye angepata linki ile angeziona, na angeweza kumpelekea mwingine, na mwingine. Precious aligeuka pembeni. Nice aliifunga folda, akaruhusu watu wawili tu kwa anwani zao, mmoja wa polisi na mmoja wa hospitali, akajaribu tena kwa simu ile ile, ikakataa.

Mwisho akajaza wapokeaji. Walikuwa watatu: ofisi ya mkoa, polisi wa majini na hospitali. Aliandika kila anwani yote, hadi herufi ya mwisho, bila kuiachia kompyuta imalizie, kisha akamwomba Jovinary, ambaye alikuwa amerudi na uso uliooshwa, azisome kwa sauti. Jovinary alizisoma. Sauti ilimkatika kwenye ya pili, akaanza upya.

Lakini Nice hakubonyeza. Alimwomba mkurugenzi ruhusa ya kushuka kwanza.

Chenge alisema hiyo ni kazi yake yeye. Nice akasema anajua, ila kwa yule mwanamke mmoja, yeye ndiye aliyemwambia kwamba mume wake hayumo. Chenge alimtazama, akasema watashuka pamoja.

Waliwaita ndugu mmoja mmoja ndani, kwenye chumba cha kusubiria abiria. Hakuna aliyesomewa mbele ya wengine. Adventina aliitwa wa kwanza, na aliingia akiwa na mkoba begani tayari, kama mtu anayedhani anaruhusiwa kwenda nyumbani. Alipomwona Chenge na suti yake alisimama.

Nice alimshika mkono akamketisha. Alimwambia kwa Kihaya, kwa maneno machache, kwamba Pius alipanda. Kwamba aliandikwa wa mwisho, ukurasa wa pili. Kwamba wameona kitambulisho chake.

Adventina aliuteremsha mkoba mapajani. Alimtazama Nice.

"Uliniambia hayumo."

"Nilikuambia kabla sijahakiki," Nice akasema. "Haikuwa haki yangu kusema. Nisamehe, dada."

"Nimewapigia wote," Adventina akasema. "Nimempigia baba yake. Ana miaka themanini, nimemwambia mwanao mzima."

Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkoba wake. Nice alipiga magoti sakafuni. Chenge alitoka taratibu, akafunga mlango. Pini mbili za kwenye kola zilikuwa zinamchoma Adventina shingoni kila alipopumua kwa nguvu, na Nice akazitoa, akabaki nazo kiganjani.

Dorcas aliitwa wa pili. Alisalimiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaambiwa kwamba mwanawe amevunjika mguu, yuko zahanati, ataletwa Mwanza kesho. Alishukuru kwa unyenyekevu, akauliza kama anaweza kumpelekea uji. Hakuambiwa kwamba kwa saa tatu za asubuhi ile mwanawe alikuwa marehemu kwenye karatasi. Nice alifikiri kama angepaswa kumwambia. Mama yule alipokuwa anatoka alimkuta Adventina kwenye korido, akaelewa kwa kumwangalia tu, akavua khanga yake ya juu akamfunika.

Saa nne na nusu Nice alibonyeza. Alikaa akiangalia mpaka ikaonekana imekwenda, na baada ya hapo akaingia kwenye barua zilizotumwa, akaifungua, akaisoma tena tangu mwanzo.

Jovinary aliandika barua ya kujiuzulu siku hiyo hiyo. Chenge hakuipokea. Alimwambia akalale, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwacha mtu mmoja kufanya kazi ya watu watatu usiku kucha. Wiki zilizofuata Jovinary alikuwa mtu mwingine, mkimya, na kila alichoandika alikileta kwa Nice kisomwe, hata ujumbe wa mistari miwili. Nice alimsomea. Hakumwambia kwamba yote yatapita, maana hakujua kama yatapita.

Ijumaa mchana Adventina alikuja ofisini. Alikuwa amevaa nyeusi, amefuatana na shemeji yake, aliyebaki mlangoni. Mwili wa Pius ungeletwa jioni, na Jumamosi ungesafirishwa kwenda Kagera kuzikwa. Walihitaji barua ya kampuni, ya kuonyesha njiani na ya kutuma parokiani ili padri ajiandae. Nice alisema ataiandika sasa hivi. Alimvutia kiti, akageuza kioo cha kompyuta ili wote wawili waone.

Aliandika. Jina lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tarehe. Namba ya gari, ambayo shemeji aliitaja kutoka mlangoni, naye akairudia ili athibitishe. Alipomaliza alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akaona kila kitu kinakubaliana na chanzo chake, na kwa mazoea mkono ukaenda kwenye sehemu ya mpokeaji.

"Subiri," Adventina akasema. "Naomba niisome mimi."

Nice alisogea. Adventina alisoma polepole, kidole chake chenye alama za sindano kikifuata mistari. Alipita jina, akapita tarehe. Kwenye mstari wa saba kidole kilisimama.

"Umeandika Kanyigo."

Nice akasema ndivyo alivyosikia shemeji alipopiga simu jana jioni.

"Kanyigo ni kwingine kabisa, kule mpakani. Kwetu ni Kanyangereko." Alisema bila hasira. "Gari lingefika mahali ambapo hakuna mtu anayemsubiri."

Nice alifuta, akaandika. Adventina aliangalia kila herufi ikitokea, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kusoma tangu mstari wa kwanza.